Koja la baluni limeniaibisha Idi: nusu limepasuka, nusu limelegea. Nilikosea wapi?

Bint_Mkomani (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum jamani. Niko Lamu, mtaa wa Mkomani. Idi ya pili tuliwafanyia watoto wa ukoo sherehe darini kwetu, na mimi ndiye niliyejitolea kupamba. Nikafunga koja la baluni la mita 4, nyeusi, nyeupe na za dhahabu. Nilitumia baluni 80 za inchi 11 na ndogo ndogo za inchi 5 kujazia mapengo. Nilimaliza saa nne usiku na lilikuwa limependeza, mpaka mama akaamshwa aje kuliona.

Asubuhi bado lilikuwa zima. Kufika saa tano mshindo wa kwanza, halafu wa pili, na ilipofika saa nane, kabla hata biriani haijapakuliwa, nilikuwa nimehesabu 31 zilizopasuka. Zilizobaki zikaninginia katikati kama wavu uliotoka majini. Vidogo nilivyobandika kwa gundi ya vidoti vikawa vinaanguka kimoja kimoja kwenye sahani. Na zile nyeusi zisizopasuka zilipoteza mng'ao, utadhani zimenyunyiziwa unga.

Darini kwetu upande mmoja una paa la makuti, upande wa pili ni jua tupu. Koja lilikata kote kuwili, kutoka kwenye boriti hadi kwenye nguzo ya ukingo. Mwezi ujao kuna sherehe nyingine, dada yangu anamaliza chuo, na wameshaniambia "wewe usiguse". Nataka niguse. Nielezeni.

---

KijanaWaMaabara

Pole dada. Hiyo ni sayansi ya kidato cha pili tu. Hewa ikipata joto hutanuka. Umejaza usiku kukiwa na baridi, mchana joto limepanda, hewa imetanuka, baluni imepasuka. Dawa yake ni kujaza mchana wakati wa joto, basi. Hakuna jingine.

---

MwanaKisauni

Tumieni gesi ya heliamu. Baluni zikipaa zenyewe haziwezi kulegea, zinavuta koja juu. Mimi nilizinunua za kupaa kwa harusi ya kaka na zilishika dari la ukumbi usiku kucha.

---

MpambajiMaweni

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi niko Malindi, kazi hii naifanya tangu watu wanafunga baluni kwa uzi wa kushonea. Kabla sijakwambia kitu nijibu mambo matatu.

Kwanza, zilizopasuka zilikuwa upande gani, wa jua au wa makuti, na za rangi gani? Pili, ulipozijaza zilikuwa na umbo la chungwa au la parachichi? Tatu, koja lilishikwa sehemu ngapi?

Na wewe wa Kisauni, koja la namna hii halijazwi heliamu. Linajazwa hewa ya kawaida kwa pampu na linabebwa na kamba. Heliamu hupenya kwenye mpira upesi, baluni ya inchi 11 isiyotiwa dawa ndani hushuka siku hiyo hiyo. Ukumbini usiku mmoja sawa. Darini Lamu kwenye upepo utakuwa unalifukuza koja mpaka Manda.

---

Bint_Mkomani

Ahsante khalti kwa kunijibu.

Upande wa jua zilipasuka kama 24, karibu zote nyeusi na za dhahabu. Nyeupe mbili tatu tu. Saba zilizobaki zilikuwa upande wa kivulini, lakini sasa nikikumbuka, zote zilikuwa zinagusa makuti au zile ncha za fito.

Umbo lilikuwa parachichi. Nilijaza mpaka shingo ikavimba kwa sababu pakiti imeandikwa inchi 11 na nilitaka inchi zangu zote 11, nimezilipia.

Lilishikwa sehemu mbili, mwanzo na mwisho.

---

MpambajiMaweni

Haya. Umeshajijibu mwenyewe robo tatu.

Inchi 11 iliyoandikwa kwenye pakiti ni ukomo wa ile baluni. Si saizi ya kuipambia nje. Ukiijaza mpaka ikawa parachichi, mpira umevutwa mpaka umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndani ya ukumbi wenye kipoza hewa itakaa. Juani haina pa kwenda.

Sasa nikuambie kijana wa maabara, umesema kweli lakini umesimamia mlangoni. Hewa kutoka nyuzijoto 25 za usiku hadi 33 za mchana huongezeka chini ya asilimia 3 ya ujazo wake. Kwa upana wa baluni hiyo haifiki hata asilimia 1. Hata baluni nyeusi ikichomwa na jua mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 50, ujazo umeongezeka kama asilimia 8, na upana chini ya asilimia 3. Baluni yenye nafasi haistuki kwa hilo.

Kinachoiua ni mpira wenyewe. Mpira wa baluni ni utomvu wa mti. Jua na hewa vinaula kwa pamoja, unadhoofika saa baada ya saa. Ule weupe wa unga ulioona ndiyo alama yake, mpira umeanza kuliwa juu. Usijaribu kuufuta, hauondoki. Kwa hiyo ngozi ni nyembamba kwa kuvutwa, imedhoofika kwa jua, halafu ile hewa inaongezeka kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kinachomalizia. Nyeusi hunywa joto kuliko nyeupe, ndiyo maana zako nyeusi zilitangulia.

Ndiyo maana kujaza mchana peke yake hakukuokoi. Ukijaza parachichi saa saba mchana, saa tisa litapasuka vile vile.

---

KijanaWaMaabara

Nimekubali upande wa hesabu. Lakini ukijaza kwenye chumba chenye kipoza hewa halafu ukazitoa nje, hapo si joto litaziumiza?

---

MpambajiMaweni

Hapo uko sawa, na watu wa mahotelini huku Malindi ndipo wanapoumia. Chumba nyuzi 20, nje 33, na bado wamejaza mpaka shingo. Zinapasukia mlangoni. Jaza pale pale zitakapotundikwa, kivulini.

Bint Mkomani, sasa fanya hivi. Chukua boksi la katoni, mfano wa lile la maji ya chupa, ukate tundu la duara ubavuni lenye upana wa inchi 9, yaani sentimita 23. Kila baluni ya inchi 11 unayojaza, ipitishe. Ikikwama punguza hewa, ikipita kwa kulegea ongeza. Usikadirie kwa jicho, jicho likichoka baada ya baluni ya thelathini linaanza kudanganya. Ikitoka kwenye inchi 9 itakuwa chungwa, na ukiibonyeza kwa kidole itabonyea na kurudi. Za inchi 5 zijaze mpaka inchi 4. Kama una zile kubwa za inchi 18, ziishie 15.

Utapata hasara moja, nakuambia mapema usije ukanilaumu: baluni ndogo hujaza mahali padogo. Mafungu ya baluni nne nne yaliyojazwa inchi 11 huenda kama matano kwa kila mita. Ya inchi 9 yanakwenda sita. Kwa mita 4 ni mafungu 24, yaani baluni 96 badala ya 80 zako. Ongeza za akiba, nunua 120. Na uulize zimekaa dukani muda gani. Baluni iliyolala mwaka mzima kwenye duka la mabati huwa imeshaanza kuzeeka ndani ya pakiti. Ivute kabla ya kuijaza; ikinata au ikiwa na mistari mistari, irudishe.

---

ShogaYakeMama

Mimi nisiwe mwongo, hizi baluni za nje zilinishinda. Harusi ya mwanangu walinipangia watu kutoka mjini, nikalipa pesa nyingi, na kufika saa kumi nguzo ya mlangoni imebaki bomba tupu. Fundi akaniambia ni "hali ya hewa". Nikamwambia hali ya hewa ya hapa uliijua kabla hujachukua pesa yangu. Siku hizi napambia maasumini na mikadi tu, angalau ikinyauka inanukia.

Lakini nina swali. Kuna mtu aliniambia nipake mafuta ya nazi ili zing'are, zisipate ule unga. Ni kweli?

---

MpambajiMaweni

Shoga yangu, yatang'ara saa moja kisha yakuzike. Mafuta ni adui wa mpira wa namna hii, yanaufanya laini na dhaifu. Hata mikono yenye mafuta ya kupikia isiguse baluni. Siku ya sherehe usimwache mtu atoke jikoni kukaanga sambusa aje akusaidie kufunga. Ipo dawa maalumu ya kupuliza inayochelewesha ule unga, inatengenezwa kwa ajili ya baluni. Inasaidia, lakini kivuli kinasaidia zaidi na ni bure.

---

NahodhaMstaafu

Naomba niingie ingawa mimi si mtu wa mapambo. Huyu binti alitungia koja lake kwa nini? Maana naona kila mtu anazungumza baluni, hakuna anayezungumza uzi. Ninyi wapambaji mnatumia mshipi wetu wa kuvulia, ule wa nailoni mweupe usioonekana. Mshipi ule unavutika. Sisi tunaupenda baharini kwa sababu unavutika, samaki akipiga haukatiki. Lakini ukitundika kitu kwa mshipi unaovutika, lazima kitashuka. Pia fundo la kawaida kwenye nailoni huteleza taratibu bila wewe kuona. Zungusha mara tano, rudisha ncha ndani, lowesha kwa mate, ndipo uvute.

---

Bint_Mkomani

Ami, ni huo huo mshipi, nilichukua kwenye sanduku la baba! Na fundo ni lile la kufungia viatu.

---

MpambajiMaweni

Nahodha, la fundo nalichukua na nitaanza kulitumia. La kuvutika nakubali nusu. Baluni moja ya inchi 11 tupu ina uzito wa kama gramu 3. Koja zima la baluni 100 halifiki nusu kilo, na hewa ya ndani inabebwa na hewa ya nje. Nusu kilo haiwezi kuuvuta mshipi wako ukaning'inia vile alivyoeleza.

Mimi nasema lililegea kwa sababu mbili. Koja la baluni husimama kwa kubanana. Unafunga baluni mbili mbili, unazisokota jozi mbili ziwe fungu la nne, unalizungushia mshipi mara mbili, unasukuma fungu linalofuata mpaka lilale kwenye mabonde ya la kwanza. Kila fungu linamzuia mwenzake asizunguke. Sasa zipasuke 31 kati ya 80: mabonde yamefunguka, mafungu yanazunguka, mengine yanateleza kuelekea katikati ambako ndiko chini. Kwa hiyo kupasuka na kulegea kwake ni ugonjwa mmoja.

Ya pili ni hizo sehemu mbili za kushikia. Mita 4 hazishikwi sehemu mbili. Vuta kwanza kamba isiyovutika, ya katani au manila, kutoka boriti hadi nguzo, uikaze mpaka ilie ukiipiga. Kisha funga koja kwenye hiyo kamba kila baada ya sentimita 60 hivi, kwa vipande vya mshipi. Kwa mita 4 utapata kama sehemu nane ukihesabu na ncha. Hata fungu moja likifa, jirani zake hawaendi popote. Na ukitaka kona au mawimbi, unayapata kwa kurefusha na kufupisha hivyo vipande, si kwa kuliacha koja lijinyonge lenyewe.

---

NahodhaMstaafu

Upepo umeusahau, mama. Nusu kilo ukiwa umetulia. Kaskazi likiingia darini, baluni mia moja ni tanga. Hapo ndipo mshipi unapovutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, siku nzima. Mimi bado nasema uzi wa kusuka ni bora kuliko wa nailoni.

---

MpambajiMaweni

La upepo sibishani na nahodha. Ila uzi wa kusuka unakata shingo za baluni ukivutwa, nimeona kwa macho yangu.

---

NahodhaMstaafu

Inategemea unene.

---

FundiBomba_Langoni

Kwa nini msitumie fremu? Bomba la plastiki la robo tatu ya inchi, mnalikunja, mguu mnauzika kwenye ndoo ya mchanga. Halihitaji boriti wala nguzo. Na dada usipige misumari kwenye kuta za nyumba zile za zamani. Lipu ya chokaa inabanduka pande kubwa, na mafundi wa kuirudishia vizuri ni wa kutafuta.

---

Bint_Mkomani

Fundi, fremu itanifaa mlangoni chini. Darini ngazi zetu ni nyembamba, bomba la mita 4 halipindi kona. Hata koja lenyewe siwezi kulifungia chini nikalipandisha. Msumari sijapiga, baba angenitoa roho.

Khalti, mambo mawili yamebaki. Gundi ya vidoti iliyeyuka, nitashikizaje vidogo? Na nikilifunga usiku wa kuamkia sherehe ni kosa, au nilifunge asubuhi?

---

MpambajiMaweni

Gundi ile kwenye joto la huku inakuwa kama halua, isahau kwa nje. Vidogo vifunge jozi jozi, au vitatu vitatu, kisha vichomeke kati ya mafungu makubwa na uzungushe shingo zao kwenye shingo za hayo makubwa. Kama una zile baluni ndefu nyembamba za kukunjia wanyama, kata kipande usichokijaza, kinafunga kama mpira wa pesa na hakionekani.

Usiku si kosa, mwanangu. Baluni ya hewa iliyofungwa sawasawa hukaa siku kadhaa kivulini. Kosa ni kuiacha juani tangu jua kuchomoza wakati wageni wanakuja saa tisa. Umelianika kwa muda wa karibu saa tisa bure. Lifunge usiku, lilaze ndani, lipandishe alasiri. Kama haliwezekani kuhamishwa, tandika turubai juu yake, lisiliguse, mpaka karibu na saa ya wageni.

---

KijanaWaMaabara

Turubai lisiwe la plastiki jeusi lililofunikwa mpaka chini, mtalipika. Hewa ipite.

---

MpambajiMaweni

Ahsante, hilo nilikuwa nimelisahau.

---

Bint_Mkomani

Nimerudi jamani, sherehe ilikuwa jana.

Nilifuata karibu yote. Boksi nilikata, tundu inchi 9, na mdogo wangu wa kiume ndiye alikuwa mpimaji, alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Tulitumia 100 za inchi 11, tukabakiza 20. Nyeusi nimeziondoa, nikaweka nyeupe, rangi ya mchanga na kijani cha jani la mgomba. Dhahabu za kung'aa kama kioo niliweka kumi tu, zote upande wa makuti. Kamba ya manila nilikopeshwa na jirani mwenye mashua, akaja akaikaza mwenyewe kwa sababu hakuridhika na mkono wangu. Kwenye makuti nilikunja kanga kuukuu kati ya fito na baluni zisichomwe.

Tulimaliza saa tano usiku. Turubai la hema la msiba tuliliazima, tukalifunga juu kama paa, chini wazi. Tulilivua saa tisa na nusu.

Kuanzia hapo mpaka magharibi zimepasuka nne. Mbili ni mtoto wa shangazi na uma. Moja sijui. Ya nne ilikuwa ya dhahabu, na ilikuwa kivulini, hapo sijaelewa. Jozi za akiba nilikuwa nimezijaza tayari zimelala chumbani, kila ikipasuka moja naleta jozi, nazungusha shingo, pengo linafungika kabla watu hawajageuka.

Halikushuka katikati. Ncha ya upande wa ukingo, ile inayopata jua la jioni, ilianza kupata unga kidogo lakini kwenye picha haionekani. Na lilionekana jembamba kuliko la kwanza, dada yangu alilisema hilo mara mbili.

---

MpambajiMaweni

Hongera. Wembamba unaurekebisha kwa kuchanganya za inchi 18 tano sita katikati, si kwa kujaza 11 kupita kiasi.

Ile ya dhahabu: zile za mng'ao wa kioo ni za kwanza kunisumbua mimi pia, hata kivulini. Wenzangu wengine wanaziapia kwamba hazina tatizo. Mimi huzijaza inchi 8 na nusu na naziweka mahali ninapoweza kuzifikia kwa mkono.

---

ShogaYakeMama

Mliviokota lakini? Vile vipande vya mpira mtoto akivitia mdomoni vinaziba koo.

---

NahodhaMstaafu

Na vikiruka ukingoni vinaishia baharini. Kasa huvila, hajui kutofautisha. Hata zile zinazoitwa za utomvu wa mti zinaelea muda mrefu kabla hazijaoza, msidanganywe na pakiti.

---

Bint_Mkomani

Tulifagia ami, nilimpa kila mtoto shilingi 5 kwa vipande kumi, wakatafuta mpaka chini ya mikeka. Mmoja alikuwa anapasua makusudi apate vipande, ndiyo sababu nikaifunga biashara mapema.

Mshipi wa baba nimeurudisha umejaa mafundo yako ya mara tano. Anauliza yanafunguliwaje.

---

NahodhaMstaafu

Hayafunguliwi. Mwambie akate.